Redio ya kaseti kwenye Corolla 110 inatema adapta ya blutuuthi, msaada wakuu

Kandambili_Temeke

Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, nimeichukua kwa shemeji yangu. Redio ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, ya kaseti, haina AUX wala USB. Nataka nisikilize muziki wa kwenye simu bila kufumua dashibodi.

Kariakoo nikachukua ile kaseti ya plastiki yenye waya mwembamba, pamoja na risiva ndogo ya blutuuthi. Risiva nachomeka kwenye chaja ya kiberiti cha gari, waya wa kaseti unaingia kwenye risiva, kaseti naisukumia redioni.

Sasa shida. Nikiiingiza redio inaimeza vizuri, muziki unalia kama sekunde nne, tena safi kabisa. Halafu nasikia "tak", mshale kwenye kioo unageuka upande wa pili, kimya. Sekunde chache "tak" tena, mshale unarudi, halafu inaitema kaseti nje kama mtoto aliyekataa uji. Nimerudia mara kumi, mchezo ni huo huo. Aliyeniuzia anasema kaseti ni nzima, tatizo redio. Fundi wa mtaani anasema redio ni nzima, tatizo kaseti. Nimsikilize nani?

Spana_Kumi

Mkuu umejitafutia kazi ya bure. Kaseti ni mambo ya kina babu. Nunua FM transmita, ile ya kuchomeka kwenye kiberiti. Unaunganisha simu, unaweka masafa yasiyo na stesheni, mfano 107 na kitu, na redio unaiweka hapo hapo. Dakika mbili umemaliza. Mimi ninayo mwaka wa pili.

Kandambili_Temeke

Redio yangu namba zinaishia 90 mkuu. Nikizidi hapo inarudi 76.

Spana_Kumi

Basi weka 88. Shida iko wapi?

Mzee_wa_Soda

Shida ipo, Spana, ila hujakosea sana. Mimi natengeneza redio za magari tangu zama za kubadilisha hedi za kaseti, ngoja nieleze kidogo.

Redio za Japani za miaka ile zilitengenezwa kwa FM ya kwao, kuanzia 76 hadi 90 MHz. FM ya kwetu huku ni 87.5 hadi 108, na transmita nyingi zimetengenezwa kwa masafa hayo. Zinapokutana ni hapo katikati tu, 87.5 hadi 90. Ni kipande cha MHz mbili na nusu, na kwa Dar kimejaa stesheni kubwa. Ile transmita ina nguvu kidogo mno, kwa hiyo ukipita karibu na mnara stesheni inakuja kukulalia juu. Unasikiliza kaswida yako, mara tangazo la sabuni linapenya katikati. Kwa mtu wa kijijini ambako hicho kipande ni kitupu, ushauri wa Spana unafanya kazi vizuri. Kwa mtu wa Temeke atachoka ndani ya wiki.

Sasa turudi kwenye kaseti. Kandambili, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili kwanza. Tafuta kaseti halisi, ya kawaida yenye mkanda, iweke, uiache ipige walau dakika kumi. Kisha uje uniambie mambo mawili: je, imetemwa? Na sauti ya mwimbaji ikoje, ya kawaida au imelegea?

Bwana_Shamba_88

Samahani, na mimi natafuta adapta. Ya kwangu ni ya kaseti zile kubwa za video, harusi yangu ya mwaka 1996 nataka kuiingiza kwenye flashi. Hiyo ya Kariakoo itafaa?

Mzee_wa_Soda

Haifai ndugu yangu, hiyo ni kazi tofauti kabisa. Fungua uzi wako, kuna watu humu wanafanya hiyo kazi.

Dereva_Nyali

Mimi niko Mombasa, gari langu pia ni la Japani lakini nilifungiwa ekspenda kwenye waya wa eria. Yangu inashusha stesheni zote MHz 15, kwa hiyo transmita nikiiweka 98.4 naipata kwenye redio 83.4. Inafanya kazi jameni. Tatizo tu ni ule mvumo wa "shhh" nyuma ya muziki, na nikifika Likoni kwenye foleni ya feri, magari ni mengi, naingiliwa na nyimbo za jirani. Siku moja tulikuwa mimi na wa pembeni tuko masafa mamoja, ananisikilizisha mahubiri yake.

Mzee_wa_Soda

Ahaa, hiyo nayo ni njia. Ila ekspenda zenyewe za bei rahisi zinaongeza kelele zake, huo "shhh" hautaisha. Muziki wako unageuzwa mara mbili kabla haujafika kwenye spika.

Kandambili_Temeke

Mzee, nimerudi. Nimekwenda kwa mama nikachukua kaseti yake moja ya taarabu. Imepiga upande mzima, haikutemwa. Lakini sauti imelegea, mwimbaji wa kike anaimba kama mwanaume aliyeamshwa usingizini. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha abiria, akaniuliza "huyu ndiye nani?"

Mzee_wa_Soda

Vizuri sana, mama ametupa jibu.

Redio yako ina mkanda wa mpira ndani, kama mkanda wa feni ya injini ila mdogo, unaozungusha mitambo. Wako una miaka zaidi ya ishirini, umelegea. Ndiyo maana mwimbaji amekuwa mzito. Bado unazungusha, lakini hauna nguvu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hiyo kaseti yako ya plastiki haina mkanda wa sauti ndani. Ina kipande cha sumaku ya umeme, kinakaa uso kwa uso na hedi ya redio, muziki unaruka kutoka hapa kwenda pale kwa usumaku. Kwa hiyo mwendo wa redio uwe wa haraka au wa kobe, muziki wa simu yako hautalegea hata kidogo. Mzunguko hauhitajiki kwa ajili ya sauti.

Unahitajika kwa kitu kimoja tu, kuidanganya redio. Redio inaangalia ile gurudumu inayokunja mkanda. Ikiona imesimama inajua upande umekwisha, inageuza. Ikigeuza na huko ikakuta imesimama, inajua kaseti imekwama, inaitema isije ikala mkanda. Ni kile kile ulichokieleza, "tak", mshale, "tak", nje.

Na ndani ya adapta kuna meno ya plastiki yanayounganisha magurudumu mawili ili yazunguke pamoja. Meno hayo ni mazito kuliko kaseti ya mama, hasa yakiwa mapya na makavu. Mkanda wako dhaifu unaweza kuzungusha kaseti ya mama, adapta hauiwezi. Kwa hiyo muuzaji alikuwa sahihi nusu, na fundi nusu.

Spana_Kumi

Duh. Kwa hiyo abadilishe mkanda?

Mzee_wa_Soda

Hilo ndilo la kudumu, ila redio lazima itoke kwenye dashibodi na kufunguliwa, na kupata mkanda wa kipimo chenyewe ni kutafuta. Kuna njia ya kujaribu kabla ya kufika huko.

Chukua adapta, zungusha gurudumu moja kwa ncha ya penseli. Ikizunguka kwa shida, inakwama kwama na kulia "krrr", umempata mchawi. Fungua skrubu zake ndogo, au kama imebanwa kwa klipu, ifungue taratibu kwa kisu cha siagi, plastiki yenyewe ni nyepesi. Utaona meno kama matano hivi. Pembeni utaona kichwa kidogo cha chuma na nyaya nyembamba mno zimechomelewa nyuma yake. Hizo usiziguse, zikikatika umemaliza adapta.

Kwanza weka tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye kila pini ya meno. Tone moja, si mafuta ya kupikia, yakiganda ni gundi. Funga, jaribu. Ikigoma, fungua tena, toa yale meno ya katikati, uache magurudumu mawili ya pembeni tu, kila moja lizunguke lenyewe. Kwa redio inayoangalia gurudumu moja itatosha. Zipo nyingine zinataka kuona yote mawili yanazunguka, hizo zitatema tu hata ukiimwagia mafuta.

Meno utakayotoa yaweke kwenye bahasha, usije ukayahitaji.

Binti_Pangani

Shikamoo Mzee wa Soda. Naomba niingize la kwangu maana linafanana. Mimi sina kaseti, redio yangu ina tundu la AUX. Nina risiva kama ya mleta uzi, naichomeka kwenye chaja ya gari na waya unaingia AUX. Muziki ni mzuri ila nyuma yake kuna mlio mwembamba "wiiii". Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, kama mbu amekaa ndani ya dashibodi. Nimebadilisha waya mara tatu. Nimebadilisha risiva. Mlio upo pale pale.

Spana_Kumi

Huo ni oltaneta dada, diodi zimekufa. Peleka kwa fundi umeme.

Mzee_wa_Soda

Marahaba mwanangu. Spana, mlio ni wa oltaneta kweli, ila oltaneta ikiwa nzima kabisa nayo hulia hivyo. Usimpeleke mtoto wa watu kununua oltaneta.

Binti, fanya hivi. Risiva yako itoe kwenye chaja ya gari, ichomeke kwenye pawabenki, waya wa AUX uache kama ulivyo. Washa gari, cheza muziki, kanyaga mafuta. Uje useme.

Binti_Pangani

Kimya kabisa!! Mlio haupo. Nimekanyaga hadi jirani akatoka nje.

Mzee_wa_Soda

Basi gari lako ni zima na risiva ni nzima. Tatizo ni njia.

Risiva ikila umeme wa gari, hasi yake inakwenda kwenye bodi kupitia kiberiti. Hiyo hiyo hasi inakwenda tena kwenye bodi kupitia waya wa AUX na redio. Sasa kuna njia mbili za kwenda sehemu moja, na bodi ya gari si sawa kila mahali, kuna tofauti ndogo ya umeme kati ya kiberiti na redio, inayopanda na kushuka na oltaneta. Tofauti hiyo inapita kwenye waya wako wa muziki, redio inaikuza pamoja na wimbo. Ukiweka pawabenki njia moja imekatika, mbu kafa.

Una njia tatu za kuponya. Ya kwanza ni kuendelea na pawabenki, au risiva yenye betri yake. Ya pili, kuna kijiboksi kinachouzwa cha kukata mlio, kina transfoma mbili ndogo ndani, kinakaa katikati ya risiva na AUX. Muziki unapita kwa usumaku, hasi haziunganiki tena. Ni rahisi kufunga. Ubaya wake ni kwamba transfoma za bei rahisi hazipendi besi nzito, ukifungulia sana besi inakuwa kama inapigwa kwenye ndoo. Ya tatu ndiyo naipenda mimi lakini inataka mtu wa kushika chuma cha kuchomelea: kuna kijidude cha kutenganisha umeme kimeandikwa B0505S, miguu minne, unakiweka kati ya chaja na risiva. Kinaingiza volti 5 na kutoa volti 5 nyingine zisizoshikana na hasi ya gari. Cha wati 1 kinatoa miliampia 200, risiva ya muziki inakula chini ya hapo. Ila simu usiichaji kupitia hapo, utakichoma.

Na Kandambili, kwako hapa kuna bahati usiyoijua. Kaseti yako ni plastiki, haigusani kwa umeme na redio, muziki unaruka kwa sumaku. Yaani adapta ya kaseti ni kikata mlio chenyewe. Mwenye AUX anakutana na mbu, mwenye kaseti anakaa raha.

Dereva_Nyali

Kumbe! Na mimi nilikuwa nawacheka wenye kaseti.

Nusu_Mkate

Mimi nina maoni tofauti. Zipo kaseti za blutuuthi zisizo na waya kabisa, betri na kila kitu kimo ndani ya kaseti yenyewe. Unaisukuma ndani, simu inaiona, unapiga muziki. Hakuna waya unaoning'inia. Ninayo miezi minane, sijutii. Kwa nini mnahangaika na waya?

Mzee_wa_Soda

Zipo, na ni nzuri machoni. Mimi siziamini kwa sababu ya joto. Betri ya lithiamu imefungiwa ndani ya redio ambayo yenyewe inapata moto, na gari limeegeshwa juani saa 7 mchana. Nimeshatoa moja iliyovimba hadi redio ikashindwa kuitema, ikabidi nifungue kila kitu. Halafu ikiisha chaji unaitoa unaichaji kwenye waya, kwa hiyo waya umerudi. Ukitumia, itoe kila unaposhuka.

Nusu_Mkate

Yangu naiacha humo humo na haijavimba. Labda ya kwako ilikuwa feki.

Mzee_wa_Soda

Labda. Naiombea iendelee hivyo.

Kandambili_Temeke

Mrejesho wakuu. Tone la mafuta halikusaidia, iliongeza sekunde chache tu ikatema. Nikatoa meno ya katikati, matatu, nikafunga. Nimeiweka saa 12 jioni, sasa ni saa 3 usiku, bado iko ndani na inapiga!! Nimekwenda hadi Mbagala Rangi Tatu na kurudi.

Lakini kuna mapya. Muziki unasikika kama umefunikwa na blanketi. Juu hakuna ukali, matoazi hayasikiki. Zile sekunde nne za mwanzo sikuliona hili, au nilikuwa na furaha tu.

Mzee_wa_Soda

Hongera. Sasa blanketi. Angalia kwenye redio kama kuna kitufe chenye alama ya D mbili. Kama taa yake inawaka, zima. Hicho ni kwa ajili ya kaseti zilizorekodiwa kwa mtindo huo, kinapunguza sauti za juu ili kuua "shhh" ya mkanda. Muziki wako haukurekodiwa hivyo, kwa hiyo kinakula ukali bure.

Kama hakipo au tayari kimezimwa, hedi ni chafu. Kaseti za zamani zinaacha unga wa kahawia. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, chovya kwenye spiriti, ile safi ya dawa, futa uso wa hedi kwa upole, pamoja na kile kijigurudumu cha mpira kilicho kando yake. Kijiti kikitoka na rangi ya chai, chukua kingine, hadi kitoke cheupe. Acha dakika kumi pakauke.

Kandambili_Temeke

Kitufe kilikuwa kinawaka mzee! Nimezima, matoazi yamerudi. Nikafuta hedi pia, kijiti cha kwanza kilitoka kama nimekichovya kwenye kahawa. Vijiti vinne.

Kimebaki kitu kimoja. Nikiongeza sauti ya simu hadi mwisho, kwenye besi inapasuka. Nikipunguza simu na kuongeza redio, nasikia "shhh".

Spana_Kumi

Weka simu nusu, redio nusu. Kati kwa kati siku zote ndiyo salama.

Mzee_wa_Soda

Nusu kwa nusu utabaki na "shhh". Fanya hivi: weka wimbo wenye besi unaoujua, redio iwe chini. Panda na sauti ya simu hadi usikie inaanza kupasuka, kisha rudi hatua mbili au tatu. Acha hapo, usiguse tena simu. Kuanzia hapo unaongeza na kupunguza kwenye redio. Kinachopasuka ni kile kichwa kidogo cha adapta kulishwa kupita kiasi, na "shhh" ni redio inayokuza kitu kidogo. Unatafuta mahali kati ya hayo mawili, na mara nyingi ni juu kidogo ya robo tatu ya simu.

Tui_la_Nazi

Samahani naingilia, nina kaseti kama hiyo hiyo ya waya, ilikuwa nzuri mwaka mzima. Juzi imeanza ajabu: vyombo vinasikika lakini mwimbaji hayupo. Kwenye nyimbo zote! Nimebadilisha simu, bado. Kama mtu amefuta sauti kwa makusudi, ningeweza kufungua baa ya karaoke.

Mzee_wa_Soda

Hahaha. Waya wa kaseti yako umekatikia ndani, ule wa hasi. Angalia pale unapopita kwenye kona ya mlango wa kaseti, ndipo unapokunjwa kila siku.

Sababu ni kwamba mwimbaji huwa anarekodiwa sawa sawa kushoto na kulia. Hasi ikikatika, kushoto na kulia zinabaki zikitoana, kilicho sawa pande zote kinafutika, vyombo vilivyo upande mmoja tu vinabaki. Ukichezesha waya pale kwenye kona na mwimbaji akarudi kwa sekunde, umepata jibu. Kata hapo, unganisha upya kwa kuchomelea, au nunua nyingine.

Na wenye AUX wakikutana na karaoke hiyo, mara nyingi ni jeki haijaingia vizuri hadi mwisho, au ni jeki ya simu yenye mistari mitatu kwenye tundu la mistari miwili isiyokaa sawa. Itoe kidogo tu kama upana wa kucha, ukisikia mwimbaji anarudi basi ni hiyo.

Tui_la_Nazi

Nimeshika waya pale kwenye kona, mwimbaji amerudi! Nikiachia anakwenda. Nimeufunga kwa utepe kwenye dashibodi ukae umekunjwa hivyo hivyo. Najua si matengenezo lakini ninafika Tanga leo.

Kandambili_Temeke

Sawa mzee, sauti sasa iko poa, nimefanya kama ulivyosema. Swali la mwisho, labda ni la kijinga. Mtu akinipigia, muziki unakatika, sawa. Lakini nikisikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp, au nikirekodi, redio inatoa sauti mbovu kama simu ya kijijini, na wakati mwingine haitoki kabisa. Kwa nini?

Mzee_wa_Soda

Risiva yako ina maikrofoni, si ndiyo? Simu inaiona kama kifaa cha kupigia simu pia, kwa hiyo maikrofoni inapohitajika inabadili njia. Ile njia ya simu ni nyembamba, sauti inakuwa ile ile kushoto na kulia na haina ukali. Kama huhitaji kupokea simu kupitia gari, ingia kwenye Settings, halafu Bluetooth, bonyeza alama iliyo mbele ya jina la risiva, utaona `Phone calls` na `Media audio`. Zima ya kwanza, acha ya pili. Majina hutofautiana kidogo kwa simu na simu. Simu zitapokelewa kwenye simu yenyewe, muziki hautaguswa.

Spana_Kumi

Mimi bado nasema transmita haina haya mashariti yote.

Mzee_wa_Soda

Kweli kabisa, ndiyo maana watu wanazinunua.

Binti_Pangani

Mrejesho wangu: nimechukua kile kijiboksi cha transfoma. Mbu amekufa. Lakini besi kweli imepungua, nyimbo za singeli zimekonda. Mzee, hicho kidude cha B0505S kinaweza kufungwa na mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kuchomelea?

Mzee_wa_Soda

Kinaweza ila si mara ya kwanza kwenye gari. Jaribu kwanza kuchukua umeme wa risiva karibu kabisa na redio badala ya kiberiti, yaani hasi ya chaja ifungwe pale pale hasi ya redio inapofungwa. Kwa baadhi ya magari mlio unapungua hadi hausikiki, na huhitaji tena kijiboksi. Kwa mengine haupungui, siwezi kukuahidi.

Dereva_Nyali

Na mimi mwenye ekspenda, redio ya kaseti yangu ilishatolewa ikawekwa ya CD. Hakuna AUX nyuma?

Mzee_wa_Soda

Inategemea redio. Piga picha nyuma ya redio, sehemu ya plagi zote, uweke hapa. Baadhi zina tundu la chenja ya CD linaloweza kupokea adapta. Bila picha nitakuwa nabahatisha.

Kandambili_Temeke

Nimezima `Phone calls`, imetulia. Asanteni wote. Jumapili nampeleka mama kanisani, nimeona nimfurahishe, nikamwekea ile taarabu yake kutoka kwenye simu kupitia adapta. Amesikiliza, akasema "leo amepona huyu." Halafu akaniuliza kaseti yake iko wapi. Iko kwenye mkoba wa kiti, mzee, sijaiweka tena humo ndani, naogopa mkanda wa redio utakatika kabisa siku nikiiweka.

Mzee_wa_Soda

Mrudishie mwenyewe. Na mkanda wa mpira ukikatika, hata hiyo adapta itatemwa, kwa hiyo anza kutafuta mapema.